Sura ya 7: "Kwa Sababu" Imekwenda Wapi?

Kila nikikaa na waandishi wanaotaka kupeleka kazi zao Instagram, kuna swali halikosekani: "Makala yangu ina karibu maneno elfu mbili. Nikiikatakata iingie kwenye vislaidi, si nitakuwa nimeiua?"

Inaweza kufa, ndiyo. Lakini nimeona makala ndefu sana zikiingia kwenye slaidi nane zikatoka hai, na nimeona makala fupi zikifia njiani. Urefu haukuwa na neno. Zilizokufa zilikuwa zimekatwa kwenye viungo, zikaachwa vipande vizuri visivyoshikana.

Tuelewane kwanza kwa maneno matatu. Karuseli ni posti moja yenye picha kadhaa zilizopangwa kwa mfuatano. Msomaji anazipitia kwa kutelezesha kidole. Kila picha tutaiita slaidi. Na hoja, katika sura hii, ni dai pamoja na sababu yake. "Kausha mahindi" ni agizo. "Kausha mahindi kwa sababu sumu yake ikishaingia haitoki kwa kupika" ni hoja. Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo sura nzima.

Instagram ilipoleta karuseli mwaka 2017 iliruhusu picha 10. Mwaka 2024 ikaongeza hadi 20, na wengi wakashangilia kwamba shida ya nafasi imekwisha. Mimi sikushangilia. Mwenye slaidi 10 hulazimika kuchagua; mwenye 20 hubeba nyumba nzima, na vyombo vibovu humo humo.

## Makala ya mahindi

Nitatumia kazi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, nayo niliiharibu mwenyewe mara ya kwanza.

Niliandika makala ya maneno kama 1,900 kuhusu sumukuvu. Hiyo ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu wanaoota kwenye nafaka, hasa mahindi na karanga. Makala ilianza Kenya mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na majirani zake, ambako watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Ikapita Dodoma na Manyara, zilizopata mkasa wa aina hiyo mwaka 2016. Kisha ikaeleza kuvu huishi wapi, mahindi hupataje unyevu, kwa nini kupika hakusaidii, namna ya kuanika, namna ya kupima ukavu kwa chumvi, na mifuko isiyopitisha hewa inafanya nini. Ilikuwa na vichwa vidogo saba.

Nikafanya kama wanavyofanya wengi: nikachukua vichwa vidogo saba nikavifanya slaidi saba, nikaongeza jalada mbele na "tufuate" nyuma. Zilisomeka hivi:

- Sumukuvu ni nini?
- "Ukipika sana, sumu inaisha": kweli au uongo?
- Anika mahindi vizuri
- Pima kwa chumvi
- Chambua punje mbovu
- Tumia mifuko isiyopitisha hewa
- Linda afya ya familia yako

Rangi zilipendeza. Watu wakaisambaza. Siku mbili baadaye shangazi yangu akanipigia.

"Mwanangu, nimeona ule ujumbe wako. Kumbe tukipika sana inaisha? Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa bure."

"Shikamoo shangazi. Hapana, niliandika kwamba haiishi!"

"Marahaba. Haya, mimi nimeona imeandikwa inaisha. Nimeletewa kwenye kikundi cha kanisa."

Alichotumiwa ni skrinshoti ya slaidi ya pili katika orodha hiyo, peke yake. Jibu lilikuwa kwenye maelezo ya chini, ambayo skrinshoti haiyabebi. Na hata aliyepitia zote saba alipata orodha ya mawaidha ambayo angeweza kuyapata popote. Hakuna mahali palipomwambia kwa nini kuanika kunashinda kupika, ilhali hilo ndilo jambo pekee makala yangu ilikuwa nalo.

Kwa kifupi: vichwa vidogo vya makala ni majina ya vyumba. Havionyeshi milango inayounganisha chumba na chumba.

## Kutafuta mfupa

Kabla ya kufungua programu yoyote ya kuchora slaidi, chapisha makala yako kwenye karatasi. Kama huna printa, isome kwenye simu ukiwa na daftari pembeni. Unatafuta maneno madogo: kwa sababu, kwa hiyo, ndiyo maana, lakini, isipokuwa, ila. Kila ulipoyaweka, pigia mstari sentensi nzima. Usipigie mstari sentensi nzuri. Sentensi nzuri mara nyingi ni pambo, na ndizo zitakazokuomba uzibakize.

Katika makala yangu nilipata mistari kumi na moja. Kilichonishangaza ni kwamba aya tatu za mwanzo hazikuwa na hata mmoja. Zilikuwa simulizi la mwaka 2004, tarakimu za wagonjwa na vifo, na hali ya njaa ilivyowafanya watu wale walichokuwa nacho. Ni utangulizi mzuri kwenye makala, kwa kuwa msomaji wa makala amekaa kitako. Hoja yenyewe ilianza kwenye aya ya tisa. Hiyo ni kawaida. Mwandishi huanza kuandika kabla hajajua anachotaka kusema, na anakijua akiwa katikati.

Kisha andika sentensi moja yenye viungo vitatu: jambo, sababu, na kinachofuata. Yangu ikawa hii:

Mahindi yanayoonekana safi yanaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa jikoni hauivunji, kwa hiyo kazi ya kuizuia inafanyika kabla gunia halijafungwa.

Huo ndio mfupa. Kila kitu kingine kwenye makala kiko katika moja ya hali tatu: kinaushika mfupa, kinautetea dhidi ya mtu anayebisha, au kinaupamba. Mapambo yanaondoka yote bila huruma. Mkasa wa 2004, ambao nilitumia siku mbili kuusoma, ukaondoka kwenye slaidi. Uliniuma. Lakini msomaji haamini kwamba moto hauvunji sumu eti kwa sababu watu 125 walikufa. Tarakimu ile inathibitisha kwamba sumu inaua, na hilo hakuna aliyekuwa analibishia. Ushahidi wa jambo lisilobishiwa ni pambo, hata ukiwa mzito kiasi gani.

Angalia na hili jingine. Kuchambua punje mbovu ni ushauri wa kweli, kwa kuwa punje zilizovunjika au kubadilika rangi mara nyingi ndizo zenye sumu nyingi. Nimeuondoa kwenye slaidi. Sababu ni kwamba slaidi ya kwanza ya karuseli mpya inasema punje safi nayo inaweza kuwa na sumu, na ukiuweka ushauri wa kuchambua bila nafasi ya kuufafanua, msomaji ataona unajipinga. Nimeupeleka kwenye maelezo ya chini, ambako una sentensi tatu za kujieleza.

## Slaidi tisa

Hivi ndivyo karuseli ya pili ilivyotoka. Nimeinakili neno kwa neno:

1. Mahindi meupe, safi, yasiyo na harufu. Bado yanaweza kuwa na sumu.
2. Inaitwa sumukuvu. Inatokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Sumu yenyewe haionekani kwa macho.
3. Ikishaingia, haitoki jikoni. Chemsha, kaanga, songa ugali mgumu: moto wa kupikia hauivunji.
4. Kwa hiyo inazuiwa kabla gunia halijafungwa.
5. Kuvu hao wanaishi kwenye udongo. Ndiyo maana mahindi yanaanikwa juu ya turubai au kichanja, si chini.
6. Lakini utajuaje kama yamekauka? Mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu. Tikisa, acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha juani.
7. Isiponata, usifunge gunia bado. Chumvi inakamata unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi 13.5. Endelea kuanika.
8. Mfuko usiopitisha hewa unaua wadudu. Haukaushi mahindi wala hautoi sumu iliyokwisha kuingia.
9. Sumukuvu inazuiwa juani, haitolewi jikoni. Pima kabla ya kufunga.

Hayafiki maneno 150. Makala ilikuwa na zaidi ya mara kumi ya hayo, na bado mtu aliyesoma slaidi hizi anaweza kumweleza jirani yake kwa nini.

Soma slaidi ya nne peke yake. Ni fupi kuliko zote, haina taarifa mpya hata moja, na mtu wa kwanza niliyemwonyesha aliniambia niifute niokoe nafasi. Ndiyo bawaba ya mlango. Slaidi tatu za kwanza zinaleta tatizo, tano za mwisho zinaleta kazi, na ya nne inasema kwamba kazi hizo zinatokana na tatizo hilo. Ukiifuta, unarudi kwenye mawaidha.

## Kipimo cha "pia"

Kuna kipimo ninachokitumia kabla ya kuchora chochote, nacho hakihitaji hata kalamu. Soma slaidi kwa sauti, na kila unapotoka moja kwenda nyingine, tamka kiungo katikati hata kama hukukiandika.

Kwenye karuseli yangu ya kwanza ilikuwa hivi: anika vizuri, *na pia* pima kwa chumvi, *na pia* chambua, *na pia* tumia mfuko. "Pia" tupu. Ukisikia "pia" tatu mfululizo, umetengeneza orodha. Orodha haina ubaya kama makala yako ilikuwa orodha tangu mwanzo, kwa mfano vifaa vya kubeba safarini. Kama ilikuwa hoja, umeipoteza.

Kwenye ya pili: mahindi safi yanaweza kuwa na sumu, *maana* haionekani, *tena* haitoki kwa moto, *kwa hiyo* zuia mapema, *namna yake* ni kuanika mbali na udongo, *lakini* utajuaje yamekauka, *hata hivyo* chumvi ina mpaka wake, *na usidhani* mfuko utakuokoa. Kila slaidi inadai inayofuata. Jaribu kubadilisha nafasi ya slaidi ya tatu na ya sita uone kama zinakubali. Kwenye orodha ungeweza kuzichanganya kama karata na hakuna ambaye angejua.

Kwa kifupi: slaidi zikikubali kuchanganywa bila kuharibika, hoja haimo.

## "Ila" haikatwi

Sasa niseme jambo linaloniudhi katika kazi za wenzangu wengi, wazuri tu. Mtu akibana nafasi, neno la kwanza kutupa ni "ila". Makala inasema dawa inafaa ila kwa watu wazima tu. Slaidi inasema dawa inafaa. Makala inasema mkopo una nafuu ila kwa miezi sita ya kwanza tu; slaidi inasema mkopo una nafuu. Mwandishi anajitetea kwamba amefupisha. Hajafupisha, amesema jambo jingine.

Kipimo cha chumvi ni mfano mzuri. Unachukua chupa kavu yenye kifuniko, unajaza mahindi hadi theluthi, unaongeza chumvi iliyokauka vizuri, unatikisa dakika chache, kisha unaiacha kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Ni rahisi, ni bure, na mtu anatamani sana kuandika: "Isiponata, yamekauka!"

Kumbe kinachopimwa ni kama unyevu umezidi asilimia 15 au la, ilhali kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki kwa mahindi makavu ni kisichozidi asilimia 13.5. Katikati ya namba hizo mbili kuna mahindi yaliyofaulu mtihani wa chumvi na bado hayajafika pa kufungiwa gunia. Kwa hiyo "ila" hii ilipewa slaidi yake yenyewe, ya saba, na nikatoa kafara pambo jingine ili ipate nafasi.

Si kila "ila" inastahili hadhi hiyo. Jiulize: msomaji akikosa tahadhari hii, atafanya kitendo kibaya? Kama ndiyo, inakaa kwenye slaidi, na ikae kwenye slaidi inayofuata mara moja baada ya dai lake. Kama atakosa tu ufahamu wa kina, ipeleke kwenye maelezo ya chini. Usiifiche kwenye slaidi ya mwisho kwa herufi ndogo; huko wengi hawafiki.

## Kila slaidi husafiri peke yake

Turudi kwa shangazi. Kosa langu lilikuwa kuandika uzushi kwa herufi kubwa na kuuwekea alama ya kuuliza, nikitegemea jibu lije baadaye. Macho hukumbuka maneno, husahau alama. Na kwenye WhatsApp slaidi zinasafiri mojamoja, zimekatwa kutoka kwa dada zao.

Tangu siku hiyo nina sheria moja: uzushi hauandikwi kwenye slaidi kama sentensi kamili inayoweza kusimama. Slaidi yangu ya tatu inajibu watu wanaoamini kupika sana, lakini haikariri imani yao. Inaanza na ukweli: haitoki jikoni. Anayeamini kinyume atajitambua mwenyewe.

Ya kwanza na ya pili zinahitaji jicho zaidi. Ya kwanza ndiyo mlango, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba mtu akipita karuseli yako bila kutelezesha, Instagram yaweza kumrudishia tena baadaye ikianzia slaidi ya pili. Ndiyo sababu ya pili yangu inaanza na "Inaitwa sumukuvu" na inaeleza kuvu wanaota wapi: mtu aliyekosa jalada bado anapata pa kushika. Kama slaidi yako ya pili inaanza na "Na hii ndiyo sababu…", huyo aliyekutana nayo kwanza hana habari unazungumzia nini.

Mambo ya kioo cha simu nayapitia haraka. Umbo linalofaa ni la wima, pikseli 1080 kwa 1350, yaani vitone vya picha kwa upana na urefu. Slaidi zote ziwe za umbo moja, kwa kuwa umbo la kwanza ndilo huongoza zinazofuata, na isiyolingana hukatwa pembeni. Acha ukingo mpana, kwa sababu picha ya jalada hupunguzwa tena ikionekana kwenye ukurasa wako. Ukihitaji kupunguza ukubwa wa herufi ili sentensi itoshe, usipunguze. Sentensi ndiyo ndefu. Nashika simu kwa mkono ulionyooka, juani, nikishindwa kusoma nafuta maneno. Na maelezo ya chini yanabeba hadi herufi 2,200, lakini msomaji huona mstari mmoja au miwili tu kabla hajagusa kuendelea, hivyo mstari wa kwanza urudie mfupa, usiwe salamu.

## Makala zisizokubali

Kuna makala sizigusi. Simulizi la maisha ya mtu, ambalo nguvu yake iko kwenye mwendo wa polepole, ukilibana linageuka tangazo la msiba. Makala yenye hoja mbili zinazovutana, mwandishi akiwa hajaamua, nayo haiingii. Utalazimika kuamua kwa niaba yake. Na mara nyingine, ukitafuta mfupa kwa zile "kwa sababu", hupati hata mmoja. Hapo karuseli haina hatia. Makala yenyewe haikuwa na hoja, na urefu ulikuwa umeificha siri hiyo. Rudi ukaiandike upya kwanza.

Kama mfupa upo na umemaliza slaidi, usiziweke hewani bado. Mpe mtu ambaye hajasoma makala, mwache azipitie mara moja, kisha chukua simu yako na umuulize swali moja: kwa nini? Usimuulize kama zimependeza, atasema zimependeza. Karuseli ya pili nilimpelekea shangazi. Alitelezesha hadi mwisho, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi haya mahindi yaliyoko store hata nikipika mpaka kesho haisaidii. Ilibidi nianike vizuri kabla sijayaweka." Kisha akaniuliza turubai siku hizi bei gani.